Safu ya Pumzi

Sista Yunis alikuwa na neno lake alilopenda kulisema kuliko maneno yote, kwamba hajazaliwa nesi ambaye yeye atashindwa kusoma mwandiko wake. Alilisema kanisani, alilisema sokoni, alilisema hadi kwenye usaili wa kazi aliyoipata baada ya kustaafu, na jamani, usaili wenyewe aliupita kwa neno hilohilo. Miaka thelathini na mmoja wodini si mchezo. Alipostaafu alirudi Kilosa, kwenye nyumba yake ya mtaa wa Magomeni, akafuga kuku, na kabla ya miezi minne kwisha alikuwa ameshawachoka. Mtaani waliendelea kumwita Sista, wakubwa kwa wadogo, naye akaitika kwa sauti ileile aliyokuwa akiitikia wodini. Ukimwondolea jina hilo, sijui angebaki na nini.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kukaa chini, kivulini, mbele ya kompyuta. Kulikuwa na utafiti wa wodi za wazazi. Watafiti walitaka kutengeneza chati mpya ya kumwambia nesi kwamba mama huyu, aliyejifungua jana na anaonekana mzima, hali yake inaanza kugeuka, mwite daktari sasa. Ili kuijua mipaka ya kuweka kwenye chati hiyo, walihitaji kumbukumbu za zamani: joto, presha, mapigo ya moyo na idadi ya pumzi kwa dakika, za akina mama mia kadhaa waliolazwa hospitali moja ya upande wa Mikumi. Zote zilikuwa zimeandikwa kwa mkono. Karatasi zikapigwa picha, majina yakafunikwa, kila faili likapewa namba, na picha zikaletwa Kilosa zisomwe na kuingizwa kwenye jedwali.

Kila picha ilisomwa na watu wawili, kila mtu kwenye kompyuta yake, bila kuchunguliana. Mmoja alikuwa Sista Yunis. Wa pili alikuwa Lightness, binti wa miaka ishirini na minne aliyesomea takwimu, mpole, mwenye tabia ya kusogeza uso karibu na kioo mpaka unadhani anataka kukinusa. Msimamizi wao aliitwa Makarius. Alikuwa na miaka arobaini na mvi za kutosha, lakini kwa Yunis huyo alikuwa kijana tu.

Makarius aliwaeleza masharti siku ya kwanza na akayabandika ukutani. Andika kilichopo kwenye karatasi, si kilichopaswa kuwepo. Kama nesi ameandika joto sabini na tatu, liandike sabini na tatu uweke alama ya kuangaliwa, usilirekebishe. Kama kisanduku ni kitupu, weka HK, yaani haikuandikwa. Kama kuna kitu kimeandikwa lakini hakisomeki, weka HS, haisomeki, na kama umeona tarakimu moja tu, iseme kwenye safu ya maelezo. Usitazame mstari wa juu wala wa chini kutafuta namba inayofanana. Akarudia hilo la mwisho mara mbili, akasema namba ya kukisia ni mbaya kuliko pengo, kwa sababu pengo linaonekana na namba ya kukisia haionekani.

Yunis alimsikiliza kama mtu anayefundishwa kupika ugali ukubwani. Moyoni alisema hayo ni ya watoto.

Wiki mbili za kwanza alikimbia kweli. Alimaliza mafaili mia na ishirini wakati Lightness akiwa bado kwenye themanini. Mara kwa mara alimsikia binti akiguna, kisha kitufe cha H, kisha cha S, na akamtania, si kwa ubaya. Alimwambia kama angekuwa nesi wake angeandika HS hata kwenye jina la mgonjwa. Alimwambia macho ya siku hizi yameharibiwa na simu. Lightness akacheka kwa adabu, akasema shikamoo Mama nimekoma, na akaendelea kuweka HS zake.

Wala msidhani Yunis alikuwa anadanganya kwa makusudi. La. Joto na presha aliyasoma kwa haki, na mara nyingi alikuwa sahihi kuliko binti, maana alijua saba ya zamani yenye mkia na moja ya mtu anayeandika amesimama. Tatizo lilikuwa safu moja tu, ile ya pumzi. Hapo akikuta doa la dawa, au mkunjo wa karatasi, au wino uliokufa, mkono wake haukusubiri macho. Uliandika ishirini. Kila nesi anajua pumzi za mama aliyelala kitandani ni ishirini. Akiona ishirini zimekuwa nyingi mno, alitia kumi na nane hapa, ishirini na mbili pale, ili safu isichoshe. Alifanya hivyo bila kufikiri, kama mtu anavyotia chumvi.

Fungu la kwanza lilipokamilika kwa wote wawili, Makarius aliziweka kazi zao pamoja na kompyuta ikazilinganisha. Asubuhi ya siku ya pili yake alivuta kiti akakaa kando ya Yunis. Hakukaa mbele yake, na hilo peke yake lingetosha kumtia mtu wasiwasi. Akamwamkia, akaulizia kuku. Kisha akamwonyesha. Lightness alikuwa na HS mia mbili na kumi na mbili. Yunis hakuwa na hata moja.

"Si nilikwambia nasoma," Yunis akasema.

Makarius akakubali kwamba kwenye joto na presha Mama amesoma vizuri sana, na kwamba sehemu nyingi binti amekuwa mwoga. Halafu akashusha ukurasa. Kwenye safu ya pumzi Lightness alishindwa mara hamsini na nane. Katika hizo hamsini na nane, Yunis alikuwa ameandika ishirini mara hamsini na moja. Saba zilizobaki zilikuwa kumi na nane na ishirini na mbili. Makarius akaiacha safu ijieleze yenyewe pale kwenye kioo, ishirini juu ya ishirini.

Yunis akasema ni uzoefu. Akasema ukikaa wodini miaka thelathini na mmoja, jicho linaona kisichoonekana. Hata yeye aliposikia maneno hayo yanatoka hakuyapenda. Makarius akaitikia kwa kichwa, akasema basi njia ni moja, hizo hamsini na nane wakaziangalie kwenye karatasi zenyewe, kwa sababu huenda nyingine ni kosa la picha tu. Kesho yake gari lingekwenda Mikumi. Angependa na Mama awepo.

Usiku ule Yunis aliwaza kusema anaumwa. Lakini mtu akiitwa Sista na mji mzima hawezi kukimbia karatasi, akajiambia kwamba akifika atakuwa amepatia angalau nusu.

Njiani, wameshapita kijiji cha Ulaya, Makarius akawa anazungumza tu kupunguza urefu wa safari. Akasema safu ya pumzi imewashangaza wakubwa wa utafiti. Hata kwenye namba zinazosomeka vizuri kabisa, mama aliyezidiwa na mama aliyepona wana pumzi zilezile. Sasa kuna wazo la kuiondoa pumzi kwenye chati mpya, manesi wapunguziwe kazi, kama haionyeshi kitu kuna haja gani ya kuihesabu. Lightness akauliza kama kweli haionyeshi kitu. Makarius akasema takwimu ndivyo zinavyosema.

Yunis alikuwa kiti cha nyuma, mkoba magotini. Alijua kwa nini takwimu zinasema hivyo. Alijua kama anavyojua jina lake, na hakufungua mdomo mpaka Mikumi.

Ili kuhesabu pumzi hakuna mashine. Unasimama kando ya kitanda na saa, unatazama kifua kikipanda na kushuka, dakika nzima, bila kuongea na mtu. Joto kipimo kitakupa, presha kipimo kitakupa. Pumzi ni wewe na dakika yako. Na ukiwa peke yako na akina mama thelathini na mmoja, wawili wanatokwa damu, mmoja mtoto hanyonyi, hiyo dakika utaitoa wapi? Unaandika ishirini. Unaandika leo kwa sababu umezidiwa, kesho unaandika kwa sababu jana uliandika, na baada ya miaka michache unaiandika hata siku ambayo wodi ina wagonjwa wanne. Yunis aliiandika hivyo maisha yake yote ya kazi. Hakuwahi kuiita uongo.

Kwenye stoo ya mafaili walipokelewa na Happiness, mkuu wa wodi ya wazazi. Kabla hata ya kuwasalimu wengine alikwenda moja kwa moja kwa Yunis, akapiga goti kidogo. "Shikamoo Sista." Alikuwa mwanafunzi wake wa mafunzo kwa vitendo katika wodi hiyohiyo, miaka kumi na zaidi iliyopita, na mbele ya wageni akaanza kumsifia: huyu ndiye aliyetufundisha kila kitu, kutandika, kuchoma sindano, kujaza chati. Siku nyingine yoyote Yunis angezinywa sifa hizo kama uji. Siku ile alitamani sakafu ipasuke.

Mtunza kumbukumbu alilinganisha namba za utafiti na daftari lake, akashusha mafaili moja moja. Lightness akafungua, Makarius akashika orodha, Yunis akakaa pembeni. Mafaili mengi yalikuwa hayana dawa. Doa ni doa, na wino uliooshwa na maji haurudi. Hayo yalibaki HS, na Makarius akayatia alama. Lakini tisa yalikuwa yameharibiwa na picha tu. Karatasi ilikunjwa pembeni ikafungwa kwa kamba ya faili, na namba ilikuwa salama salimini ndani ya mkunjo.

Lightness akanyoosha mkunjo wa kwanza kwa kidole. Thelathini na nane. Makarius akaandika bila kumtazama mtu. Kwenye jedwali la Yunis palikuwa na ishirini. Wa pili, ishirini na nane. Wa tatu, arobaini na nne, na pembeni nesi fulani mwenye dakika yake alikuwa amepiga mstari mwekundu chini ya namba hiyo, akaandika: nimehesabu mara mbili. Yunis alikuwa amempa mama huyo ishirini. Alikaa kwenye kiti kizuri kule Kilosa, na chai pembeni, akachukua mwanamke anayehema kama aliyekimbia akamfanya mzima. Wa nne, thelathini na mbili. Wa tano, ishirini na sita. Kila mkunjo uliponyooshwa yeye alizidi kujikunja, na hakuna aliyemlaumu, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Kama wangemsema angejitetea.

Wanane wakapita hivyo. Nane kwa nane amekosea. Happiness alikuwa ameingia na chupa ya chai, akasimama mlangoni akiwatazama.

Faili la tisa lilikuwa la mwaka elfu mbili na kumi na saba. Lightness alinyoosha mkunjo, uso wake ukafunguka. Alikuwa ametafuta tangu asubuhi kitu kizuri cha kumwambia mama wa watu.

"Hii umepatia, Mama. Ni ishirini kabisa."

Yunis akasogea. Ilikuwa ishirini kweli, mbili yenye shingo ndefu na sifuri iliyofungwa vizuri. Mwisho wa mstari palikuwa na sahihi ya herufi mbili, Y.M. Saa kumi na mbili jioni. Joto thelathini na nane nukta mbili, mapigo mia na kumi na nane, pumzi ishirini. Mstari unaofuata uliandikwa kwa mkono mwingine, dakika arobaini baadaye, baada ya zamu kubadilishana: pumzi arobaini na sita, daktari ameitwa. Kisha rufaa Morogoro. Kisha faili linaishia hapo, na kama mama yule alirudi nyumbani kwake au hakurudi, karatasi haisemi.

Alijaribu kumkumbuka. Alijaribu kweli, kitanda gani, mwenyeji wa wapi, mtoto wa kike au wa kiume. Hakupata hata uso. Joto alilipima, mapigo aliyapima, alisimama kando ya kitanda kile na kipimo mkononi, na kifua cha mwanamke kilikuwa kinapanda na kushuka mbele ya macho yake, naye hakukitazama.

Akamwuliza Lightness kwa sauti ndogo kama hiyo nayo haiwezi kuwekwa HS.

Lightness akamwangalia, hakuelewa. "Inasomeka, Mama. Nikiandika haisomeki nitakuwa nimedanganya."

Ilikuwa rahisi sana kuacha mambo yaende. Binti angeandika ishirini, wasomaji wawili wangekuwa wamepatana, kompyuta ingefurahi, na namba ile ingeingia kwenye jedwali pamoja na wenzake wote waliozaliwa namna ileile, nao wangepiga kura kwamba pumzi haionyeshi kitu. Yunis angerudi Magomeni kwenye kuku wake, Sista yuleyule. Alimwona Happiness pale mlangoni bado ameshika chupa ya chai. Kama asingekuwepo huyo, ingekuwa nafuu.

"Sikuipatia," akasema. "Mwaka ule niliitunga, na juzi nimeitunga tena. Ndiyo maana zimefanana."

Akaendelea, na maneno yakamtoka bila mpangilio. Alisema hiyo ni sahihi yake. Alisema hakuhesabu. Alisema si siku hiyo tu, ni miaka, na zile ishirini zinazosomeka vizuri, zile ambazo Makarius alizisema kwenye gari, asiziamini, nyingi ni zake na za wengine waliofanya kama yeye. Hazikuhesabiwa. Kwa hiyo wasiseme pumzi haionyeshi kitu. Hawajaiona bado.

Makarius aliweka kalamu chini. Akasema namba kwenye jedwali haiwezi kubadilishwa, itabaki ishirini kwa sababu ndiyo iliyoandikwa. Lakini ipo safu ya maelezo. Mtu aliyekuwepo akisema haikuhesabiwa, na akaandika jina lake na tarehe, maelezo hayo yatakwenda kwa wakubwa pamoja na namba, na watalazimika kuyasoma. Akasema pia kwamba mafungu yote aliyosoma Yunis kwenye safu hiyo itabidi yasomwe upya na mtu mwingine. Alilisema kwa upole, lakini alilisema.

"Jina zima?" Yunis akauliza.

"Ndiyo, Mama. Jina zima."

Akaandika. Mkono uliokuwa ukisifiwa wilaya nzima ulikwenda polepole, Lightness amemshikia karatasi isisogee. Aliandika kwamba pumzi hii haikuhesabiwa, na kwamba alikuwa na desturi ya kuandika ishirini bila kuhesabu, na kwamba aliwafundisha wengine hivyo. Hilo la mwisho hakuna aliyemwuliza. Makarius akasoma, akanyanyua macho, akauliza taratibu kama ni wengine wa hapa.

Yunis hakuthubutu kutazama mlangoni. Alikumbuka siku aliyomwambia msichana mmoja mwembamba, kwa mzaha, huku amemshika bega, kwamba pumzi zisimpotezee muda, hizo zinajulikana. Alikuwa amelisema kama mtu anayempa mwanawe siri ya kuishi mjini.

Happiness aliweka chupa ya chai juu ya kabati. Alitoka bila kuaga, na walisikia viatu vyake vikienda upande wa wodi, vikakaa, vikarudi. Alipoingia alikuwa na ubao wa chati za asubuhi ile, akina mama kumi na wanne. Hakumtazama Sista wake. Alizitoa karatasi moja moja akazipanga mezani, zote kumi na nne, upande wa safu ya pumzi ukiwa juu.

Ulikuwa mwandiko wa Happiness mwenyewe, mzuri, umesimama wima, mbili zenye shingo ndefu, sifuri zilizofungwa. Ishirini. Ishirini. Kumi na nane. Ishirini. Ishirini na mbili. Ishirini. Lightness akainama juu ya karatasi kwa mazoea ya kazi, kidole kikishuka mstari kwa mstari kutafuta pa kuweka alama. Hakukuwa na hata moja isiyosomeka.